Njama na Uchochezi: Jinsi ya Kusoma Mashtaka ya Kosa Ambalo Halikutendeka

Swali linaloulizwa sana kwenye korido za Mahakama ya Milimani siku za Jumatatu ni hili: "Ameshtakiwa kwa nini, na hakuna kitu kilichoibiwa?" Mama ameshika hati ya mashtaka mkononi, duka liko salama, kufuli haijaguswa, na bado mwanawe amelala seli tangu Ijumaa. Jibu ni kwamba Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina makosa yanayokamilika kwa maneno na makubaliano tu, kabla mtu hajanyanyua mguu. Mawili kati ya hayo ndiyo yanayowachanganya watu zaidi: kumchochea mwenzako atende kosa, na kula njama naye.

Nitayaeleza kupitia kisa kimoja cha kubuni, kwa sababu vifungu vikisomwa vikavu havishiki kichwani. Kamau anauza spea Kirinyaga Road. Duka la jirani lina giaboksi mpya, na Juma ndiye mfanyakazi anayeshika ufunguo wa mlango wa nyuma. Mwende ni dereva wa pikapu ya kukodi. Jumatatu jioni Kamau anamwandikia Juma kwa WhatsApp: "Bosi anasafiri Ijumaa. Wacha mlango wa nyuma bila kufuli, mimi naleta gari. Tunagawana." Juma anajibu: "Niache nifikirie." Jumatano anaandika tena: "Niko tayari, lakini nataka laki moja." Alhamisi Kamau anajibu: "Hamsini sasa, hamsini baada ya kazi." Pesa inaingia kwa M-Pesa, na Juma anamaliza: "Imefika. Kesho saa nne usiku."

Ijumaa mchana Kamau anampigia Mwende, ambaye alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna mizigo ya kubeba usiku. Sasa anaelezwa mzigo wenyewe. Mwende anasema, "Hiyo sitaki," na kuzima simu. Jioni Juma anaingiwa na hofu, anaufunga mlango kwa kufuli kama kawaida na kwenda nyumbani bila kumwambia mtu. Saa tatu usiku polisi, waliodokezwa na mtu wa nne, wanamkamata Kamau akiwa ameegesha Ngara gari la rafiki yake. Kesho yake wanamchukua Juma, kisha Mwende.

Hatua ya kwanza: tazama nambari ya kifungu kabla ya kusoma hadithi

Hati ya mashtaka ina sehemu mbili. Juu kuna jina la kosa na kifungu, chini kuna maelezo: nani, lini, wapi, alifanya nini na nani. Anza na nambari. Kifungu cha 391 ni kumshawishi au kumchochea mtu mwingine atende kosa. Kifungu cha 393 ni kula njama ya kutenda kosa kubwa, na 394 ni njama ya kutenda kosa dogo. Kosa kubwa, kwa kifupi, ni lile linaloweza kumpeleka mtu jela miaka mitatu au zaidi, isipokuwa sheria yenyewe imeliita dogo. Ukiona 389, hilo ni jaribio, na jaribio ni jambo lingine kabisa. Njama nyingine zina vifungu vyake: njama ya kuua iko 224, njama ya kulaghai iko 317.

Halafu tafuta kosa lililokusudiwa. Hati inayosema tu kwamba "walikula njama ya kutenda kosa" bila kusema kosa gani ina kasoro, na wakili anapaswa kuisema mapema. Katika kisa chetu kosa lililopangwa ni kuvunja duka na kuiba ndani, kifungu cha 306, ambalo adhabu yake ya juu ni miaka saba. Usidanganywe na wazo kwamba mlango usio na kufuli hauvunjwi. Kifungu cha 303 kinahesabu hata kuusukuma mlango uliofungwa bila kufuli kuwa ni kuvunja, na kuingia kwa kula njama na mtu wa ndani nako ni kuvunja.

Hatua ya pili: weka alama mahali uchochezi ulipokamilika

Uchochezi ni kazi ya mtu mmoja. Unakamilika pale maneno ya kumtaka mwenzako atende kosa yanapomfikia, nawe ukiwa na nia kwamba kosa litendeke. Aliyeambiwa si lazima akubali. Anaweza kucheka, kukataa, kumpigia bosi wake simu papo hapo. Aliyechochea ameshatenda kosa lake.

Kwa hiyo Kamau alikuwa mkosaji tangu Jumatatu jioni, Juma aliposoma ujumbe. Jibu la "Niache nifikirie" halimwokoi Kamau wala halimtii Juma hatiani. Je, kama Juma alikuwa amembloku na ujumbe haukufika? Hapo mawasiliano hayakukamilika, na kinachoweza kubaki ni jaribio la kuchochea. Ndiyo maana wapelelezi huangalia sana zile alama za kwenye simu zinazoonyesha kuwa ujumbe umefika na umesomwa.

Lazima pia kuwe na kusukuma. Mtu anayelalamika baa kwamba "lile duka likivunjwa nitacheka" hajamtaka mtu yeyote afanye chochote. Maneno yakiwa ombi, ahadi ya pesa, vitisho, au hata kumtia mwenzako moyo kwa namna inayomsogeza kwenye kosa, hapo ndipo mpaka unapovukwa. Ujumbe wa Kamau una maelekezo, siku na mgao, na kwa kweli ni vigumu kuuona kama mzaha.

Usichanganye kifungu hiki na kile cha 96, uchochezi wa vurugu, kinachosikika kwenye habari kila msimu wa siasa. Kile kinahusu maneno ya hadharani na kina historia yake ndefu mahakamani. Hapa tunazungumzia mtu kumshawishi mtu.

Hatua ya tatu: tafuta sekunde ambayo mazungumzo yaligeuka kuwa makubaliano

Hapa ndipo kesi nyingi za njama hushinda au hufa, kwa hiyo usiharakishe. Njama ni makubaliano ya watu wawili au zaidi kutenda kosa, kila mmoja akiwa na nia ya kweli kwamba litendeke. Haihitaji karatasi, wala kikao, wala kwamba washiriki wote wanajuana. Mtu mmoja anaweza kuwa katikati akikubaliana na kila mmoja kivyake, mradi kila aliyeingia ajue kuna mpango mpana kuliko sehemu yake. Wala sheria haisubiri hatua yoyote ya utekelezaji. Makubaliano yakishafikiwa, kosa limetimia, hata kama wote watalala wakasahau.

Lakini mapatano yanayoendelea hayajawa makubaliano. Chukua kalamu na upitie ujumbe mmoja mmoja. Jumatatu: ombi, na jibu la kusitasita. Jumatano: Juma ametoa bei. Amesema yuko tayari, na upande wa mashtaka utaling'ang'ania neno hilo, ila wakili mzuri ataonyesha kwamba wawili hao walikuwa bado wanavutana juu ya sharti ambalo bila hilo Juma hangefanya kitu. Alhamisi: pesa imeingia na Juma ametaja saa. Hapo hakuna ubishi tena. Njama ilikamilika Alhamisi, na hati ikisema Jumatatu, tofauti hiyo ina maana, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye nia.

Sharti ndani ya mpango haliondoi njama. "Tutaingia kama bosi amesafiri" ni makubaliano kamili. Kinachoondoa njama ni kutokuwepo kwa uamuzi wenyewe, yaani watu wanaojadili kama wafanye au wasifanye.

Na Mwende? Siku zote kabla ya Ijumaa alikubali kubeba mizigo, jambo la halali, bila kujua. Makubaliano ya kubeba mizigo si makubaliano ya kuiba. Alipoelezwa alikataa. Hakuna sekunde hata moja ambayo yeye na Kamau walitaka kitu kimoja. Hata hivyo afisa anaweza kumfungulia jalada kwa kifungu cha 392, ambacho humwadhibu anayejua kwamba mtu anapanga kosa kubwa na asitumie njia zote za busara kulizuia. Watu wengi hawajui kifungu hicho kipo. Mwende angekuwa salama zaidi kama angepiga simu moja kwa mwenye duka au kituoni kabla ya kuzima simu yake. Kwamba kukataa kwake kumetosha au hakujatosha ni jambo ambalo hakimu angepima kwa hali yake: alikuwa na muda gani, alikuwa na nambari ya nani, alimwogopa nani.

Hatua ya nne: uliza kama kulikuwa na mtu wa pili kweli

Tuseme Juma, tangu Jumatatu, alimwonyesha bosi wake ujumbe, na bosi akaenda polisi, na majibu yote ya Juma yakaandikwa akiwa na mpelelezi pembeni. Kwa macho ya Kamau ni njama ileile. Kwa macho ya sheria hakuna njama kati yao, kwa sababu Juma hakuwa na nia kwamba duka livunjwe. Mtu mmoja hawezi kula njama peke yake. Lakini uchochezi unabaki mzima, kwani wenyewe haukuhitaji Juma akubali. Ndiyo sababu kesi za watu waliokwenda kumkodi "mtu wa kazi" ambaye kumbe ni polisi huwa na nguvu zaidi zikifunguliwa chini ya kifungu cha 391 kuliko cha njama. Ukikuta hati yenye njama pekee, na mtu wa pili ni afisa au mtoa habari, umeupata mlango wa utetezi.

Kuna mlango mwingine hapo hapo. Kama wazo lote lilitoka kwa afisa, akamsukuma mtu ambaye hakuwa na mpango wowote, huo ni mtego wa kuzua kosa. Mahakama Kuu imewahi kusimamisha mashtaka yaliyotokana na mtego wa namna hiyo. Kumpa nafasi mtu ambaye tayari ameazimia ni jambo tofauti, kwa hiyo soma ni nani aliandika kwanza.

Mume na mke nao wana kanuni yao ya zamani. Katika shauri la Mawji, lililotoka Tanganyika na kuchapishwa katika ripoti za sheria za 1957, majaji wa rufaa wa London waliamua kwamba mume na mke wakiwa wawili tu hawawezi kuhesabiwa kuwa wamekula njama, hata kama ndoa yao ni ya aina inayoruhusu wake wengi. Akiingia mtu wa tatu, kinga hiyo inakwisha. Wala haimkingi mmoja dhidi ya shtaka la kosa lenyewe likitendeka.

Hatua ya tano: kagua ushahidi wa simu, na nani unamgusa

Katiba ya 2010, Ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika na kuufikia. Omba nakala za maelezo ya mashahidi na za mazungumzo ya simu siku ya kwanza ya kesi, na hakikisha hakimu ameliandika ombi hilo. Usisubiri siku ya kusikilizwa.

Picha za skrini zilizochapishwa kwenye karatasi hazitoshi zenyewe. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu anayehusika na kifaa kilichotoa rekodi hiyo, kikieleza ilivyopatikana. Angalia kama cheti kipo, kimetiwa saini na nani, na kama mazungumzo ni kamili au yamekatwa. Katika kisa chetu, nakala inayoanzia Alhamisi ingemfanya Juma aonekane mtu aliyekuwa na hamu tangu mwanzo, wakati jibu lake la kwanza lilikuwa la kusitasita.

Kisha kuna kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo, na hiki kinawashtua watu. Kukiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba watu wamekula njama, jambo lolote alilosema, kuandika au kufanya mmoja wao kuhusu lengo lao la pamoja linaweza kutumika dhidi ya wote. Maana yake, ujumbe ambao Kamau alimtumia rafiki yake mwenye gari siku ya Ijumaa, "kijana wa ndani ameshalipwa," unamgusa Juma ingawa Juma hajawahi kuuona.

Mipaka yake ndiyo silaha ya utetezi. Kwanza lazima kuwe na msingi wa njama kutoka mahali pengine. Kauli hiyo haiwezi kujibeba yenyewe. Pili, lazima iwe imesemwa baada ya nia kuzaliwa. Tatu, iwe inahusu kulitimiza lengo. Sauti ambayo Kamau alimrekodia kaka yake wa Kayole baada ya kukamatwa, "Juma ndiye alinipa wazo," ni masimulizi ya jambo lililokwisha. Hiyo haiingii kwa mlango wa kifungu cha 10 kumbana Juma. Wasiwasi wangu ni kwamba mawakili wengi huacha kauli kama hizo zisomwe mahakamani bila kupinga, kisha hulalamika wakati wa rufaa.

Maungamo ya kituoni ni hadithi yake. Chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hayapokelewi hivi hivi. Yanatakiwa kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa ngazi iliyotajwa ambaye si mpelelezi wa kesi, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kijana akiambiwa "andika tu ukweli uende nyumbani," aombe kwanza mtu wake awepo.

Hatua ya sita: pima kujitoa kwa Juma

Juma alifunga kufuli. Jamaa zake watasema, na ni haki yao kusema, kwamba aliyeokoa duka ndiye anayeshtakiwa. Kisheria, kosa la njama lilitimia Alhamisi, na majuto ya Ijumaa hayalifuti. Hata kwenye jaribio kifungu cha 388 kinasema hivyo wazi: kuacha kwa hiari hakubadilishi kosa, isipokuwa kwenye adhabu. Kwa hiyo kufuli ile si utetezi bali ni hoja ya kupunguziwa, na ni hoja nzito. Ingekuwa nzito mara mbili kama angemrudishia Kamau pesa na kumwambia waziwazi "nimetoka."

Kwa Kamau, swali ni kama alifika kwenye jaribio. Ameegesha Ngara, saa moja kabla ya muda, hana mtu wa ndani tena bila kujua. Jaribio linahitaji mtu awe ameanza kuitekeleza nia yake kwa kitendo kinachoionyesha. Mimi naona hayo bado ni maandalizi. Kama angekutwa akisukuma mlango wa nyuma, ingekuwa jaribio hata kama kufuli ilimshinda.

Hatua ya saba: linganisha adhabu, maana mpangilio wake ni wa ajabu

Adhabu ya jaribio, pale ambapo sheria haijataja nyingine, ni nusu ya adhabu ya kosa lenyewe. Kwa kuvunja duka hiyo ni miaka mitatu na nusu. Uchochezi wa kifungu cha 391 unaadhibiwa kama jaribio. Lakini njama ya kifungu cha 393 inafika miaka saba, au adhabu ya juu ya kosa lililopangwa kama hiyo ni ndogo kuliko saba. Kwa hiyo Juma na Kamau waliokubaliana kwa simu wanaweza, kwa karatasi, kukabiliwa na kifungo kirefu mara mbili kuliko mtu aliyekamatwa peke yake akitikisa mlango. Njama ya kuua inafika miaka kumi na minne.

Hii ndiyo sababu mazungumzo na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma yana maana mapema. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kuanzia kifungu cha 137A, na kuhamishwa kutoka 393 kwenda 391 kunaweza kumfaa mtu kama Kamau ambaye ujumbe wa Jumatatu hauna pa kujificha. Kwa Juma hesabu ni nyingine, kwa kuwa yeye hakumchochea mtu.

Na kama duka lingevunjwa? Hapo kila mmoja angeshtakiwa kwa kosa lenyewe kama mshiriki kupitia vifungu vya 20 na 21, na mahakama kwa muda mrefu hazijapenda kuona shtaka la njama likirundikwa juu ya kosa lililokwisha kutendeka bila sababu. Ukiona yote mawili kwenye hati moja, omba upande wa mashtaka uchague.

Mwisho ni jambo la saa. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya saa za kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Kamau aliyekamatwa Ijumaa usiku atafika Milimani Jumatatu, na hapo dhamana ni haki yake isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Nenda na barua ya chifu au hati ya makazi, na mdhamini mwenye kitambulisho, mfike mapema asubuhi. Kwa Mwende, mwambie wakili wake asikubali aunganishwe kwenye maelezo ya shtaka la Kamau na Juma. Mtu aliyesema "sitaki" asisomwe katika sentensi moja na waliosema "kesho saa nne."